Albumini 18, hana bonge la damu: kwa nini daktari anataka aanze warfarini?

*"Mume wangu ana miaka 44, ni fundi cherehani hapa Mombasa. Miezi mitatu nyuma alianza kuvimba miguu na uso, mkojo ukawa na povu. Biopsi ikaonyesha ni ugonjwa wa figo wa aina ya membranasi. Albumini yake ni 18, protini ya mkojo gramu 9 kwa siku, lakini kreatinini wanasema iko sawa. Sasa daktari anataka aanze warfarini, na mume wangu hana bonge lolote la damu. Isitoshe, miaka mitatu iliyopita aliwahi kutapika damu kwa vidonda vya tumbo. Mama mkwe anasema hiyo ni sumu ya panya, afadhali apigwe hijama itoke hiyo damu nzito. Ameze au asimeze?"*

Dada yangu, nianze na mama mkwe wako, maana jambo moja amelisema kweli. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na ilipofika mwaka 1954 ikakubaliwa Marekani kama dawa ya binadamu, ya kuzuia damu isigande. Panya aliyekula sumu ile hufa kwa kuvuja damu ndani, na binadamu aliyezidishiwa warfarini naye huvuja. Kwa hiyo hofu ya mama haikutoka hewani. Ila panya hapimwi damu kila wiki, na mumeo atapimwa. Hapo ndipo tofauti yote ilipo, nami nitaieleza mbele.

Kuhusu hijama, hapo sikubaliani naye. Damu ya mumeo haikuzidi wala haikuchafuka, bali imepungukiwa na breki. Ukimtoa kikombe kizima cha damu mgongoni, ile inayobaki mwilini itakuwa na upungufu uleule, na yeye atakuwa ameongezewa machanjo kwenye ngozi iliyovimba, ngozi ambayo hutoa maji na kushika uchafu upesi. Na kama ameshaanza warfarini, machanjo hayo hayatafunga kwa urahisi.

Sasa, breki yenyewe ni nini? Damu ya mtu mzima inaishi kati ya nguvu mbili. Kuna protini zinazoigandisha ukijikata na kisu, na kuna nyingine zinazoizuia isigande ikiwa bado iko ndani ya mshipa. Katika zile za kuzuia, iliyo muhimu zaidi kwa habari yetu inaitwa antithrombini. Katika zile za kugandisha, tushike fibrinojeni, ambayo ndiyo hugeuka kuwa nyuzi za bonge lenyewe.

Chujio la figo la mumeo limekuwa kama wavu uliotanuka matundu. Samaki wadogo wanapita, wakubwa wanabaki. Albumini ni ndogo, ndiyo maana inakwenda na mkojo na kuufanya utoe povu. Antithrombini ina ukubwa unaokaribiana na wa albumini, kwa hiyo nayo inapita papo hapo. Fibrinojeni ni kubwa mno, haipiti. Wakati huohuo ini linaona protini za damu zinapungua, nalo linafanya kazi usiku na mchana kuzirudisha. Tatizo ni kwamba ini halichagui. Linatengeneza za kila namna, fibrinojeni ikiwamo, na hii haina pa kutokea, basi inarundikana. Ukiweka pamoja, kinachogandisha kimeongezeka na kinachozuia kimemwagwa chooni. Mtu hahitaji kidonda damu yake igande akiwa katika hali hiyo.

Ndiyo sababu mimi, nikimpokea mgonjwa wa namna hii, huangalia albumini kabla ya kreatinini. Kreatinini inaniambia figo zinasafisha taka kiasi gani, na za mumeo bado zinasafisha vizuri, alhamdulillahi. Lakini haisemi lolote kuhusu breki zilizopotea. Albumini ndiyo inayonionyesha, kwa kubahatisha kidogo, antithrombini na wenzake wamepotea kiasi gani, kwa kuwa wanatoka mlango mmoja. Watu wengi huambiwa "kreatinini iko sawa" wakaelewa kwamba figo ni nzima. La hasha.

Na kwa nini damu ipende kugandia kwenye figo zenyewe? Fuata damu inavyopita. Inaingia kwenye chujio, na kama sehemu moja ya tano ya maji yake inachujwa hapo. Inayotoka upande wa pili imekuwa nzito kuliko ilivyoingia, na kwa mumeo imeshapoteza breki hapohapo. Kisha inaingia kwenye mshipa wa kurudisha damu kutoka figo, ambako mwendo wake ni wa polepole. Uzito, upungufu wa breki na mwendo wa kusuasua vyote vimekutana mahali pamoja. Ugonjwa wa membranasi ndio unaoongoza kwa jambo hili kuliko aina nyingine za magonjwa ya figo yanayovujisha protini, na hatari huwa kubwa zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Mumeo yuko katikati ya miezi hiyo.

Nikupe mfano wa mgonjwa niliyemwona, nimebadilisha mambo madogo asitambulike. Alikuwa dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka bandarini kwenda Malaba. Miguu ilikuwa imemvimba kwa wiki kadhaa naye akidhani ni kukaa sana kwenye usukani. Aliporudi kutoka safari moja akapata maumivu makali ubavu wa kushoto, kati ya mbavu na nyonga, na mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi. Katika kituo kimoja cha afya akaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibaiotiki na sindano ya diklofenaki. Maumivu yakatulia kidogo, yakarudi, akapigwa sindano ya pili. Siku ya sita alipanda ngazi za kwake, ghorofa mbili tu, akafika juu anahema kama aliyekimbia kutoka Nyali hadi Bamburi.

Alipoletwa kwetu, kilichonishtua ni kijiti cha mkojo. Protini ilikuwa imejaa alama zote nne. Maambukizi ya kawaida hayafanyi hivyo. Albumini ikatoka 16. Tukampiga skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, tukaona bonge ndani ya mshipa wa figo ya kushoto, mkia wake umeingia kwenye mshipa mkuu wa tumboni unaorudisha damu moyoni. Vipande vilikuwa vimeshakatika vikaenda kukwama kwenye mapafu. Ndiyo sababu ya kule kuhema. Kreatinini yake, kumbuka, ilikuwa imepanda kidogo tu, kwa sababu figo ya kulia ilikuwa inafanya kazi ya mbili.

Alianza na heparini ya sindano, kisha warfarini. Alitumia miezi tisa, huku ugonjwa wenyewe ukitibiwa, mpaka protini ya mkojo ikashuka na albumini ikapita 30, ndipo tukasimamisha. Yuko barabarani mpaka leo.

Nimemtaja kwa sababu bonge lake lilipiga kelele. Mengi hayapigi. Damu inaweza kuganda pole pole kwenye mshipa wa figo, mwili ukajitafutia vijia vya pembeni, mgonjwa asisikie chochote. Kwa hiyo unaposema mumeo "hana bonge lolote", ningeuliza: limetafutwa, au halijajionyesha? Ultrasaundi ya dopla inapatikana kwa urahisi na haina madhara, ingawa inategemea sana jicho la anayeishika na inaweza kukosa bonge kwa mtu aliyejaa maji tumboni. CT inaona vizuri zaidi. Siagizi CT kwa kila mgonjwa asiye na dalili, lakini kwa mwenye dalili siicheleweshi. Kuna kipimo cha damu kiitwacho D-dimer ambacho wengine hukikimbilia. Kwa wagonjwa hawa mara nyingi huwa juu hata bila bonge, basi hakinisaidii sana.

Tuje kwenye namba yenu. Kwa ugonjwa wa membranasi, hatari ya kuganda huanza kupanda albumini ikishuka chini ya 28, na kila inavyoshuka inazidi. Madaktari wa figo huanza kufikiria dawa ya kinga ikiwa chini ya 25 au 20. Hizo mbili hazikuja kwa kubishana. Zimetokana na maabara kutumia rangi mbili tofauti kupima albumini, ya kijani na ya zambarau, na ile ya kijani husoma juu kwa kama gramu 5. Muulizeni mtu wa maabara wanatumia ipi. Kwa 18 haibadilishi uamuzi, lakini siku itakapokuwa 23 itabadilisha. Na ukiona karatasi nyingine imeandika 1.8, usizimie, ni namba ileile, imeandikwa kwa gramu kwa desilita badala ya gramu kwa lita.

Kuna vitu vinavyosukuma mizani zaidi kuelekea dawa: protini ya mkojo kupita gramu 10 kwa siku, unene uliokithiri, moyo dhaifu, upasuaji wa tumbo au mifupa wa karibuni, kulala kitandani muda mrefu, au ukoo wenye historia ya mabonge. Mumeo, kwa ulivyoeleza, hana hata kimoja, ingawa gramu 9 iko jirani sana na 10.

Upande wa pili wa mizani kuna tumbo lake. Hapa niseme wazi: ushauri wa kumpa mtu kinga kabla hajapata bonge umejengwa juu ya kufuatilia wagonjwa na hesabu za uwezekano, si juu ya majaribio makubwa ya kulinganisha waliopewa na wasiopewa. Kwa hiyo madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana juu ya mumeo bila mmoja wao kuwa mjinga. Aliyekwisha kupata bonge hana mjadala, anatibiwa. Kinga ndiyo inayopimwa mtu kwa mtu.

Kutapika damu miaka mitatu iliyopita hakumfungii mlango, lakini simwachi aingie bila kubisha. Swali la kwanza: kidonda kilipona? Kama hakupimwa tena, ningetaka apimwe bakteria wa tumbo aitwaye H. pylori, na ikiwezekana atazamwe kwa kamera. Swali la pili ni himoglobini na chembe sahani za damu. Himoglobini inayoshuka bila sababu ingenifanya nisubiri. Swali la tatu ndilo huwa nasikia jibu lake kwa sauti ya chini: anameza nini kwa maumivu ya mgongo? Mafundi cherehani wengi niwaonao wana mgongo, na wengi wanatembea na diklofenaki au brufeni mfukoni. Dawa hizo zinachimba tumbo, zinaumiza figo, na ukichanganya na warfarini unakaribisha kuvuja. Kama anazo, ziondoke nyumbani leo. Parasetamoli itamtosha.

Vipimo hivyo vikitoka vizuri, na akipewa omeprazoli ya kulinda tumbo, mimi ningeelekea kumpa warfarini. Kikitoka kidonda kibichi, nisingempa kwa sasa. Ningetibu tumbo kwanza, nikakaza matibabu ya ugonjwa wenyewe, nikawa macho na dalili. Swali moja lingine ni la biopsi: ilifanywa lini? Dawa hizi hazianzishwi juu ya figo iliyodungwa sindano juzi. Daktari wenu bila shaka amelihesabu hilo, lakini si vibaya kumkumbusha.

Akiikubali, jueni inavyofanya kazi. Haifanyi damu kuwa maji, ingawa mitaani tunasema "dawa ya kulainisha damu". Inalizuia ini kutumia vitamini K kukamilisha baadhi ya protini za kugandisha. Hivyo mizani inarudi katikati, si kwa kurudisha breki bali kwa kupunguza mwendo. Kipimo kinachoonyesha imefika wapi kinaitwa INR. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Tunataka ya mumeo ikae kati ya 2 na 3. Chini ya 2 hana kinga ya kutosha, ikipita 3 hatari ya kuvuja inaanza kupanda, na ikipita 4 au 5 ni habari ya kumpigia daktari siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa wa albumini ya chini INR ina ukorofi wake. Karibu asilimia 99 ya warfarini iliyo kwenye damu huwa imeshikwa na albumini, na ile kidogo iliyo huru ndiyo inayofanya kazi. Albumini ikiwa chache, hesabu hiyo inayumba, na inayumba tena anapoanza kupona. Ndiyo maana wengine wetu huanza na dozi ndogo kidogo, na hupima kila baada ya siku chache mwanzoni, kisha kila wiki, badala ya kumwambia mtu arudi baada ya mwezi. Kama hamwezi kupima mara hizo, kwa umbali au kwa pesa, mwambieni daktari kabla ya kuanza. Warfarini isiyopimwa ni ile ya mama mkwe.

Ameze jioni saa ileile kila siku. Ikifika Ramadhani, baada ya futari inafaa kabisa, ila kufunga kwenyewe akiwa anakunywa lasiksi, ile dawa ya kutoa maji mwilini, katika joto letu hili ni swali la kuuliza kwanza, kwani kukaukiwa maji kunaikaza damu. Kwa sababu hiyohiyo asijiongezee lasiksi eti miguu ishuke haraka, na akiharisha au kutapika siku nzima apige simu. Mchicha, kisamvu na sukuma zina vitamini K, lakini asiziache. Ale kiasi kilekile wiki kwa wiki, dozi itapangwa juu ya hapo. Kinachovuruga zaidi ni dawa za dukani: flajili, septrini na flukonazoli hupandisha INR haraka. Kila anayemwandikia dawa aambiwe kwanza, "Natumia warfarini."

Mtasikia kuhusu vidonge vipya visivyohitaji INR, kama apiksabani. Navitumia kwa baadhi ya wagonjwa. Ila navyo hushikwa na albumini, na uzoefu wetu navyo kwa wenye albumini ya chini sana bado ni mdogo. Bei nayo ni ya kuuliza kabla. Sindano za heparini zinafanya kazi kwa kuishika mkono ile antithrombini, ambayo mumeo anaimwaga, hivyo wengine huhitaji dozi kubwa kuliko kawaida. Ni nzuri kwa siku za mwanzo, ngumu kwa miezi. Aspirini hulinda zaidi mishipa ya moyo na ubongo. Isichukuliwe kuwa badala ya warfarini kwa mabonge ya mishipa inayorudisha damu.

Si dawa ya maisha. Inakaa muda protini inapovuja na albumini iko chini. Ikipanda ikatulia juu ya 30, mwulizeni daktari kuhusu kuisimamisha. Na kazini, kama anatumia cherehani ya kukanyaga kwa miguu, namwonea fahari: misuli ya shavu la mguu inasukuma damu kila anapokanyaga. Kama ni ya mota, basi ainuke kila saa akatembee mpaka mlangoni na kurudi.

Sasa dalili, na hizi zishike awe ameanza dawa au hajaanza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, maana uvimbe wa protini huwa miguu yote miwili. Maumivu ya ubavu ya ghafla, hasa mkojo ukiwa na damu. Korodani ya kushoto kuvimba ghafla, jambo ambalo wanaume huona haya kulisema: mshipa wake unamwagia kwenye mshipa wa figo ya kushoto, ukizibwa juu unajaa chini. Kuhema bila sababu, kifua kuchoma akivuta pumzi, kukohoa damu, au kuzimia. Na akishaanza warfarini, choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kichwa kuuma vikali baada ya kujigonga.

Lolote kati ya hayo, hata saa nane za usiku na hata kama mko ng'ambo ya Likoni mnasubiri feri, aende hospitali yenye CT na idara ya dharura, asisubiri kliniki ya Jumatatu. Bebeni karatasi ya biopsi na majibu ya mwisho ya maabara. Mkifika mapokezi, usianze na "anaumwa ubavu", kwa sababu wataandika mkojo mchafu. Sema hivi, na sindromu ya nefrotiki ndilo jina la kitabibu la kuvuja huku kwa protini: "Ana sindromu ya nefrotiki, membranasi, albumini 18, tunaogopa bonge la damu."